Kupanga vigae vya haraka: tochi, mtandaopepe na mzunguko wa skrini

Mipangilio ya haraka ni kundi la swichi zinazoshuka kutoka juu ya skrini ya simu ya Android kidole kinapotelezeshwa kwenda chini. Kwenye simu iliyowekwa kwa Kiswahili, kila swichi huitwa kigae. Kigae kikiguswa mara moja huwasha au huzima jambo fulani. Kikibonyezwa na kushikiliwa, hufungua ukurasa wa mipangilio ya jambo hilo. Kundi hili lilianza kuonekana katika Android 4.2 mwaka 2012, lakini wakati huo mpangilio wake ulikuwa mikononi mwa watengenezaji. Ni Android 7.0, iliyotoka mwaka 2016, iliyompa kila mwenye simu uwezo wa kuongeza vigae, kuviondoa na kuvipanga apendavyo.

Hata hivyo simu nyingi hubaki na mpangilio uliotoka nao kiwandani, na mpangilio huo haumfai kila mtu. Tochi inaweza kuwa mahali ambapo kidole gumba hakifiki. Mzunguko wa skrini mara nyingi huwa ndani zaidi, kwenye ukurasa wa pili. Mtandaopepe, ambao wengi huuita hotspoti, huenda usionekane kabisa. Kuvisogeza vigae hivi vitatu ni kazi ya dakika chache, mradi ifahamike simu inavihesabu vipi na kila kimoja kinastahili kukaa wapi.

Hatua mbili za kushuka

Paneli hufunguka kwa hatua mbili. Kidole kikitelezeshwa mara moja kutoka ukingo wa juu, hushuka arifa pamoja na vigae vichache vya mwanzo. Kikitelezeshwa tena, paneli nzima hukunjuka na vigae vyote huonekana, pengine katika kurasa kadhaa zinazopinduliwa kwa kuteleza kando. Kwenye simu nyingi, vidole viwili vikitelezeshwa pamoja hufungua paneli nzima kwa mara moja.

Tofauti ya hatua hizi mbili ndiyo msingi wa mpangilio wote. Katika Android 12 hadi 15, simu zinazofuata mpangilio wa kawaida wa Google huonyesha vigae 4 katika hatua ya kwanza: viwili juu na viwili chini yake. Simu za Samsung za matoleo yaliyotangulia One UI 7 huonyesha vitufe 6 vya duara katika mstari mmoja. Kigae kilicho katika nafasi hizo za mwanzo hupatikana kwa kuteleza mara moja na kugusa mara moja. Kilicho nje yake hudai kuteleza mara ya pili, na kama kipo ukurasa wa pili, hudai pia kupindua ukurasa. Kwa hiyo haitoshi kigae kuwemo kwenye paneli. Lazima kiwe katika nafasi za mwanzo ndipo kiwe karibu kweli.

Kufungua uwanja wa kuhariri

Kwenye simu yenye mpangilio wa kawaida wa Android, paneli hukunjuliwa yote, kisha huguswa alama ya penseli iliyo chini ya vigae. Uwanja wa kuhariri hufunguka ukiwa na sehemu mbili. Sehemu ya juu ina vigae vinavyotumika, vikiwa vimepangwa kwa zamu yake. Sehemu ya chini ina vile ambavyo simu inavyo lakini havijawekwa, pamoja na vigae vya programu zilizosakinishwa. Katika matoleo mengi, kati ya sehemu hizo huwa kuna maelekezo ya kushikilia na kuburuta ili kuongeza vigae.

Kigae hubonyezwa na kushikiliwa mpaka kijitokeze kidogo au kitikisike, kisha huburutwa bila kuinua kidole hadi mahali kinapotakiwa, na hapo huachiliwa. Wengi hukwama hapa kwa sababu huanza kuburuta mapema mno, na badala ya kigae kusogea, ukurasa mzima huteleza. Ukurasa ukiteleza, dawa ni kuinua kidole, kushikilia upya na kusubiri kigae kijitokeze. Kigae kilicho mbali chini huburutwa hadi karibu na ukingo wa juu wa skrini, na ukurasa hupanda wenyewe polepole. Kazi ikiisha, huguswa mshale wa kurudi ulio juu, na mpangilio huhifadhiwa. Mambo yakivurugika, menyu ya uwanja huo huo ina amri ya kuweka upya, ambayo hurudisha vigae kama vilivyotoka kiwandani.

Kwenye simu za Samsung za matoleo ya kabla ya One UI 7, penseli au nukta tatu zilizo juu ya paneli hufungua uhariri, na kazi huhifadhiwa kwa kugusa "Done". One UI 7, iliyotoka mwaka 2025, ilibadili jambo kubwa zaidi: ilitenganisha arifa na swichi. Kidole kikitelezeshwa kutoka pembe ya juu kulia hushuka swichi, na kikitelezeshwa kutoka sehemu nyingine ya ukingo wa juu hushuka arifa. Asiyependa utengano huo hugusa penseli, huingia "Panel settings" na kuchagua "Together". Simu za Tecno, Infinix, itel na Redmi zina sura zake za paneli, lakini utaratibu haubadiliki sana: kukunjua paneli yote, kutafuta alama ya penseli au neno la kuhariri, kisha kushikilia na kuburuta, au kugusa alama ya kujumlisha iliyo kwenye kigae pale inapokuwepo.

Kwa nini mtandaopepe haupo

Katika orodha ya kawaida ya Android, tochi na mzunguko wa skrini huwekwa kwenye paneli tangu mwanzo. Mtandaopepe haumo, hukaa katika sehemu ya chini ya uwanja wa kuhariri ukisubiri kuburutwa. Lakini Android ina desturi moja inayowashangaza watu: mtandaopepe ukiwashwa kwa mara ya kwanza kupitia Mipangilio, kigae chake hujiongeza chenyewe mwishoni mwa paneli. Ndiyo maana mtu mmoja hukikuta bila kukiweka, na mwenzake mwenye simu kama hiyo hiyo hakioni. Tena kujiongeza huko hutokea mara moja tu. Kigae kikishaondolewa kwa mkono hakirudi chenyewe, hata mtandaopepe ukiwashwa mara nyingi kiasi gani. Lazima kifuatwe kule chini na kuburutwa.

Kigae kinachokosekana hata katika sehemu ya chini kwa kawaida kina sababu yake. Tableti isiyo na taa ya kamera haina kigae cha tochi. Kifaa kisichopokea laini ya simu huweza kukosa mtandaopepe. Simu inayosimamiwa na ofisi au shule huweza kuzuiwa kugawa mtandao. Kubadilisha programu ya skrini ya mwanzo hakusaidii katika hali hizi, kwa kuwa paneli ni mali ya mfumo wenyewe.

Kila kigae na nafasi yake

Vigae vitatu hivi havitumiki kwa namna moja, kwa hiyo havistahili nafasi za aina moja. Maswali mawili hutosha kuamua: kigae hutumika mtu akiwa katika hali gani, na kikiguswa kwa bahati mbaya hasara yake ni nini.

Tochi hutafutwa gizani, mara nyingi mkono mmoja ukiwa umeshika kitu kingine. Umeme ukikatika usiku kwa sababu uniti zimeisha, mkono mmoja hushika simu huku mwingine ukitafuta vitufe vya mita ili kuingiza tokeni. Wakati kama huo hakuna nafasi ya kukunjua paneli mara mbili. Na tochi ikiguswa kwa makosa, hasara ni ndogo: mwanga huonekana mara moja na huzimwa. Basi tochi inastahili nafasi ambayo kidole gumba hufika kwa wepesi kuliko zote.

Mzunguko wa skrini hubadilishwa mara nyingi, lakini bila haraka ya namna hiyo. Huwashwa mtu anapotazama video au jedwali pana, na huzimwa anapolala ubavu akisoma, ili maandishi yasigeuke kila anapojisogeza. Kuugusa kwa makosa husumbua kidogo tu. Unastahili nafasi ya pili kwa ukaribu.

Mtandaopepe ni tofauti. Watu huuwasha wakiwa wametulia, kwa kawaida wakitaka kumgawia mwenzao bando au kuunganisha kompyuta. Ukiguswa bila kukusudia na kubaki umewashwa, betri huenda kasi, na vifaa vinavyoijua nywila yake hujiunga vyenyewe na kuanza kula bando. Unafaa kuwa katika hatua ya kwanza, lakini mbali na kidole gumba, na usipakane na tochi.

Mfano wa kazi yenyewe

Tuseme kuna simu yenye Android 13, na mwenyewe huishika kwa mkono wa kulia. Vigae vyake vimepangwa kwa zamu hii: Intaneti, Bluetooth, Tochi, Usinisumbue, Kengele, Hali ya ndegeni, na mbele zaidi upo mzunguko wa skrini. Mtandaopepe haujaongezwa. Vigae hujazwa kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa juu kwanza. Kwa hiyo katika vile 4 vya hatua ya kwanza, Intaneti ipo juu kushoto, Bluetooth juu kulia, Tochi chini kushoto, na Usinisumbue chini kulia.

Kidole gumba cha mkono wa kulia hufika kwa wepesi zaidi upande wa kulia, na chini kuliko juu. Nafasi iliyo karibu kuliko zote basi ni ya 4, chini kulia. Inayofuata ni ya 2, juu kulia. Iliyo mbali kuliko zote ni ya 1, juu kushoto. Mpangilio unaotakiwa huwa huu: mtandaopepe nafasi ya 1, mzunguko wa skrini ya 2, Intaneti ya 3, na tochi ya 4. Anayeshika simu kwa mkono wa kushoto hugeuza pande: mzunguko nafasi ya 1, mtandaopepe ya 2, tochi ya 3 na Intaneti ya 4.

Namna ya kuufikia mpangilio huo ina siri moja. Vigae vyote ni orodha moja ndefu, kama foleni ya watu benki: anayeingizwa katikati huwasukuma nyuma wote waliomfuata, lakini waliomtangulia hubaki pale pale. Kwa hiyo kazi ianzie nafasi ya 1 na kushuka kuelekea ya mwisho. Mtandaopepe huburutwa kwanza hadi nafasi ya 1, na orodha huwa Mtandaopepe, Intaneti, Bluetooth, Tochi, Usinisumbue. Kisha mzunguko huburutwa hadi nafasi ya 2, na orodha huwa Mtandaopepe, Mzunguko, Intaneti, Bluetooth, Tochi. Intaneti imejikuta nafasi ya 3 bila kuguswa. Mwisho tochi, ambayo sasa ipo nafasi ya 5, husogezwa hatua moja hadi ya 4, na Bluetooth hurudi nyuma yake. Kazi imekwisha kwa miburuto mitatu.

Anayeanzia mwisho hufika kwingine. Akiipeleka tochi nafasi ya 4 kwanza, kisha mzunguko nafasi ya 2, tochi husukumwa hadi ya 5 na kutoka nje ya hatua ya kwanza. Akiingiza mtandaopepe nafasi ya 1, tochi huangukia ya 6 na mzunguko ya 3. Hapo wengi hudhani simu imekataa kuhifadhi walichofanya, ilhali imefuata kila agizo kwa zamu yake.

Mpangilio ukishakamilika, unafaa kujaribiwa katika hali halisi: simu ifungwe, ishikwe kwa mkono mmoja, na tochi iwashwe kwa kidole gumba pekee. Kidole kisipofika ukingo wa juu wa skrini ndefu, simu nyingi zina mpangilio unaoruhusu kuteleza kwenda chini popote kwenye skrini ya mwanzo ili kufungua arifa. Kwenye Samsung huitwa "Swipe down for notification panel" na hupatikana katika mipangilio ya skrini ya mwanzo.

Kigae kinapofifia

Kigae kinaweza kuwa mahali pake na bado kikakataa kuguswa, kikiwa kimefifia rangi. Kufifia hakumaanishi kimeharibika. Kwa kawaida kuna jambo jingine linalokizuia, na mara nyingi maandishi madogo yaliyo chini ya jina lake hulitaja.

Tochi hutumia taa ile ile ya kamera. Programu ya kamera, au nyingine yoyote inayopiga picha au video, ikiwa wazi, tochi hufifia na kuonyesha kwamba kamera inatumika. Kufunga programu hiyo huirudisha. Baadhi ya simu pia huizuia taa hiyo betri inapokaribia kuisha au simu inapopata joto sana.

Mtandaopepe huzuiwa na Kiokoa Data. Kiokoa Data hupunguza matumizi ya bando kwa programu zisizo mbele ya mtumiaji, na kikiwa kimewashwa, Android hairuhusu kugawa mtandao. Hali ya ndegeni nayo huuzima. Kikiwa kinafanya kazi, kigae cha mtandaopepe kwenye Android ya kawaida huonyesha idadi ya vifaa vilivyounganishwa. Namba hiyo inastahili kutazamwa: ikionyesha vifaa viwili wakati mwenye simu amemgawia mtu mmoja, basi nywila imeshafika kwingine. Hapo hushikiliwa kigae, na katika ukurasa unaofunguka nywila hubadilishwa. Katika ukurasa huo huo, simu nyingi zina agizo la kuuzima mtandaopepe wenyewe ikiwa hakuna kifaa kilichounganishwa kwa dakika chache, na agizo hilo ni kinga nzuri kwa wanaosahau.

Bando huweza kuyeyuka hata mgeni akiwa mmoja tu. Simu iliyojiunga na mtandaopepe huiona ile mitambo ya kugawa kama waifai ya kawaida, hivyo huweza kuanza kusasisha programu na kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Anayepokea anaweza kulizuia hilo kwa kufungua maelezo ya waifai hiyo kwenye simu yake na kuiweka kuwa mtandao unaopimwa matumizi.

Kigae cha mzunguko hakifanani sana na vile viwili, kwa kuwa tatizo lake kubwa ni kusomwa vibaya. Kwenye Android, kikiwaka maana yake skrini inaruhusiwa kugeuka. Samsung hubadili hata jina lake: huandika "Auto rotate" skrini inapogeuka, na "Portrait" inapofungwa wima. Kwenye iPhone ni kinyume. Swichi yake ni kufuli, na ikiwaka skrini haigeuki. Anayetoka simu moja kwenda nyingine hukosea kwa urahisi. Tena kigae kinaweza kuwaka na skrini isigeuke, kwa sababu kila programu huamua yenyewe kama inakubali kulazwa, na skrini ya mwanzo ya simu nyingi hubaki wima. Jaribio la haki hufanywa kwa picha iliyopigwa au ukurasa wa kivinjari.

Wapo wanaopendelea kuzima mzunguko moja kwa moja. Kwao Android 9 ya mwaka 2018 ilileta njia nyingine: mzunguko ukiwa umezimwa na simu ikalazwa, kitufe kidogo hujitokeza kwenye ukingo wa chini wa skrini, kikiguswa, skrini hugeuka mara hiyo tu. Mwenye kuitumia njia hii huenda asihitaji kigae cha mzunguko katika nafasi za mwanzo, na nafasi ya 2 humbakia kwa jambo jingine.

Programu za nje na simu iliyofungwa

Tochi imekuwa sehemu ya mfumo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014. Kabla ya hapo watu walilazimika kupakua programu za tochi, na si zote zilizokuwa salama. Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia mapatano na mtengenezaji wa programu maarufu ya tochi ambayo ilikuwa ikipeleka mahali alipo mtumiaji kwa makampuni ya matangazo bila kumweleza ipasavyo. Leo hakuna haja ya kusakinisha programu ya namna hiyo. Simu ya mtu ikiwa bado ina programu ya tochi inayoomba ruhusa ya kujua mahali alipo au ya kusoma majina ya watu wake, inafaa kuondolewa. Ikiondoka, kigae chake huondoka nayo.

Jambo la mwisho la kuamua ni simu iliyofungwa. Paneli hushuka hata kabla ya nywila kuingizwa, na kwa tochi hiyo ni faida. Kwa swichi za mtandao ni hatari, kwa kuwa mwizi anaweza kuzima data au kuwasha hali ya ndegeni ili simu isitafutwe. Baadhi ya simu huomba nywila kwanza kabla ya kugusa swichi hizo. Kwenye Samsung agizo hilo huitwa "Lock network and security", na hupatikana katika mipangilio ya usalama ya skrini iliyofungwa. Likiwashwa, tochi hubaki wazi kwa kidole chochote, na swichi za mtandao hudai nywila.